Lita 200 zimemwagika, zilizokusanywa ni ngapi?
Habari niliyosoma inasema: "Lita 200 za asidi ya salfa zilimwagika, zote zikazuiliwa ndani ya kiwanda." Neno "zote" ndilo linalonitia shaka, maana nimefanya kazi kwenye stoo ya kemikali na nimeliona likiandikwa kabla mtu hajapima chochote. Siku moja asidi ilimwagika kwetu pia: kipimo cha tangi kilionyesha upungufu wa lita 200, lakini tulichovuta kwa pampu kutoka ndani ya ukuta wa kuzuia kemikali isisambae kilikuwa kama lita 150. Zilizobaki zilipita kwenye valvu ya maji ya mvua ambayo mtu aliifungua asubuhi akasahau kuifunga. Tulijua hilo baada ya kuchovya karatasi ya litmasi kwenye mtaro wa nje ikageuka nyekundu. Halafu habari hiyo inasema asidi "ilisafishwa kwa magadi" bila kutaja kiasi. Kama ni asidi kali ya asilimia 98, lita 200 zina uzito wa kilo 368 hivi, na kuuondoa ukali wake kunahitaji karibu kilo 390 za magadi. Mifuko miwili mitatu haitoshi hata kidogo! Tena magadi yakigusa asidi hiyo hufoka kwa joto na kurusha matone madogo hewani, kwa hiyo anayesafisha ndiye aliye hatarini zaidi, naye hatajwi kabisa. Kuna msomaji aliyekuwepo kiwandani hapo akaona kama wasafishaji walivaa ngao za uso na glavu za mpira?