Mabaki ya wilaya jirani yanapofanana

“Regresheni yangu ya wilaya imetoka na R² ya 0.71 na kila kigeu kina nyota zake za umuhimu wa kitakwimu. Kuna haja gani ya kupima mabaki kwa Moran?”

Kipimo cha Moran huuliza kama mabaki, yaani tofauti kati ya thamani halisi na ile iliyokadiriwa na modeli, yanafanana kwa wilaya zilizo jirani. Hoja iliyo nyuma ya swali hili si ya kubeza. Ikiwa makosa ya modeli yanasambaa tu kuvuka mipaka, bila kuhusiana na vigeu vilivyomo, makadirio ya migawo hayaegemei upande wowote. Kinachoharibika ni makosa sanifu, na hayo yana dawa. Tena kipimo chenyewe hushtuka kwa mengi: uhusiano uliopinda ukilazimishwa kuwa mstari, au mtawanyo wa makosa usiolingana kati ya wilaya kubwa na ndogo. Na nani jirani ya nani, unaamua wewe.

Lakini R² haioni ramani, na hapo ndipo wengi wanapopitiwa. Chukua wilaya sita zilizopangana mstari mmoja, kila moja ikipakana na inayofuata tu. Mabaki yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni 4, 3, 1, −2, −3, −3. Zidisha kila jozi inayopakana: 12, 3, −2, 6, 9. Jumla ni 28. Miraba ya mabaki inajumlisha 48. Kila mpaka unahesabiwa mara mbili, kwa hiyo 28 inakuwa 56, jumla ya uzani ni 10, na I ya Moran ni (6/10) × (56/48), yaani 0.70.

Sasa zihamishe wilaya hizo pamoja na takwimu zake zote, mabaki yasomeke 1, −3, −3, 4, 3, −2. Jozi zinatoa −3, 9, −12, 12, −6, na jumla ni sifuri. I nayo ni sifuri. Regresheni haikubadilika hata nukta: migawo ni ileile, R² ileile, nyota zilezile. Kilichobadilika ni nani anakaa karibu na nani. Wilaya sita ni chache mno kuthibitisha lolote, ila zinatosha kuonyesha kwamba jedwali la matokeo haliwezi kukuambia jambo hili, hata ulikodolee macho vipi.

Na hilo jambo lina uzito. Mpangilio wa kwanza unasema modeli inakadiria chini upande mmoja na juu upande wa pili. Mara nyingi maana yake ni kwamba kipo kitu kinachobadilika polepole kwenye nchi, kama mvua, mwinuko au umbali hadi bandarini, ambacho hakikuwekwa. Kitu hicho kikihusiana na kigeu kilichomo, mgawo wenyewe umeshapotoka, na ile faraja ya kurekebisha makosa sanifu inakwisha. Hata kisipohusiana nacho, kigeu chako kikiwa nacho kimejikusanya kimaeneo, wilaya 100 hazibebi taarifa za wilaya 100, na nyota zinatoka nyingi kuliko haki yake. Kigeu kilichotawanyika ovyo kwenye ramani huumia kidogo sana.

Kupima kwenyewe ni mistari michache kwa kifurushi cha spdep cha R:

```r
nb <- poly2nb(wilaya)
lw <- nb2listw(nb, style = "W")
m  <- lm(y ~ x1 + x2, data = wilaya)
lm.morantest(m, lw)
```

Tumia `lm.morantest`, usipeleke mabaki kwenye `moran.test`. Mabaki si data ghafi: yameshafungwa na vigeu vya regresheni, kwa hiyo wastani unaotarajiwa wa I si ule wa −1/(n−1) ambao `moran.test` huutumia, n ikiwa idadi ya wilaya. Cliff na Ord walilishughulikia hilo tangu 1972, na bado kosa hili linarudiwa. Wilaya ya kisiwa isiyopakana na yeyote itasimamisha mstari wa pili. Amua jirani yake kwa umbali, kisha rudia kipimo kwa orodha mbili tofauti za majirani. Jibu likigeuka kwa kubadili orodha, lisemwe wazi kwenye ripoti.

Ninachowapinga wapimaji wenzangu ni haraka ya kukimbilia modeli ya kimaeneo mara I inapotoka kubwa. Chora kwanza ramani ya mabaki. Rangi moja ikijaa kwenye wilaya za nyanda za juu, ongeza mwinuko na upime tena. I ikishuka karibu na matarajio yake, umepata ulichokuwa umekisahau, na modeli ya kawaida inatosha. Ikibaki juu baada ya hapo, ndipo vipimo vya Lagrange vinapofaa, vikikuonyesha kama mfanano unaelekea kukaa kwenye makosa au kama matokeo ya wilaya moja yanaisukuma jirani yake.