Lugha Inayokwama Ndiyo Yenye Nguvu

Juzi nilitoka kwenye kibanda cha ukalimani katika hoteli moja kule Westlands, nikapanda matatu hadi mjini, nikaunga nyingine mpaka Pumwani, nikafika kwa mama Majengo wakati wa kupakua. Siku nzima nilikuwa nikisikia Kiswahili kwenye visikizi na kusema Kiingereza kwenye kipaza sauti. Sufuria ya wali ilikuwa wazi, mvuke unatoka, nikanyoosha mkono na kumwambia mdogo wangu anipe mfuniko. Sikumwambia, kwa kweli. Neno lilikataa kuja. Nilisema, "Nipe ile, ile ya kufunikia," huku neno la Kiingereza limesimama kwenye ncha ya ulimi kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Mama akatikisa kichwa: "Kizungu kimekumeza, mwanangu."

Nampenda mama na simbishii mezani. Lakini kauli hiyo naisikia Nairobi nzima, ikiambiwa vijana, watangazaji, na watoto waliotoka shule za bweni, na nadhani tunawaonea. Mtu anayejua lugha mbili barabara akikwama kwenye ile aliyozaliwa nayo, mara nyingi hajaisahau. Amekwama kwa sababu lugha hiyo ina nguvu, na saa chache zilizopita alilazimika kuikandamiza kwa bidii ili aseme nyingine.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hudhani kichwani mna swichi: ukiwasha Kiingereza, Kiswahili kinazimika. Sivyo. Mwaka 1999 Michael Spivey na Viorica Marian walichapisha jaribio walilowafanyia watu wanaojua Kirusi na Kiingereza. Mbele ya kila mmoja waliweka vitu vichache, kisha wakamwomba kwa Kirusi asogeze stempu, ambayo kwa Kirusi huitwa "marka". Kifaa kilichofuatilia macho kilionyesha kwamba kabla ya kuichukua stempu, macho yalikuwa yakirukia kalamu nene ya wino, kwa sababu jina lake la Kiingereza linaanza kwa sauti hizo hizo. Agizo lilikuwa la Kirusi, ila Kiingereza kilikuwa macho.

Sisi tuna mfano wetu hapa hapa. Kwa Kiingereza cha Nairobi, siagi hutamkwa "bata". Weka mezani kopo la siagi na mwanasesere wa ndege yule anayeogelea, kisha mwambie mtoto wa mjini, "Nipe bata." Kwa kitambo kidogo, maana zote mbili zinamjia. Kisha moja inashinda. Swali langu siku zote limekuwa hilo la mwisho: inashindaje, tena mara elfu kwa siku, bila sisi kutoa jasho?

David Green, mtafiti wa London, alitoa maelezo mwaka 1998 ambayo hadi leo naona yanafaa kuliko mengine. Alisema kila neno kichwani limebeba alama ya lugha yake, na ukitaka kusema lugha moja, akili huyakandamiza maneno ya lugha nyingine kwa kadiri yanavyojitokeza. Linalojitokeza kwa nguvu hukandamizwa kwa nguvu. Linalojitokeza kidogo hukandamizwa kidogo. Hapo ndipo penye siri ya mfuniko wangu: kwangu mimi mtoto wa Majengo, maneno ya jikoni ya Kiswahili ni mepesi mno, yanaruka yenyewe. Kuyazuia mchana kutwa kulihitaji mkono mzito, na mkono mzito hauondoki mara moja kwa sababu tu nimevua viatu mlangoni.

Unaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Renata Meuter na Alan Allport, mwaka 1999, waliwaonyesha watu tarakimu kwenye skrini, na rangi ya nyuma ikawaambia waitaje kwa lugha gani. Walipima muda ambao mtu huchukua kutaja tarakimu anapobadilisha lugha, wakaulinganisha na anapoendelea na lugha ile ile. Kubadilisha kulichelewesha kila mara, hilo halishangazi. Lililoshangaza ni kwamba kurudi kwenye lugha ya kwanza kulichelewesha zaidi kuliko kwenda kwenye ya pili. Ungetarajia kurudi nyumbani kuwe rahisi. Kumbe mlango wa nyumbani ndio uliofungwa kwa kufuli kubwa.

Jumapili nilikata kadi za karatasi, nikaandika 1 hadi 9, nusu kwa kalamu ya bluu na nusu kwa nyekundu. Bluu ni Kiswahili, nyekundu ni Kiingereza. Nikazichanganya, nikamwomba mdogo wangu azigeuze moja moja huku simu ikirekodi. Nyekundu 4, nyekundu 9, kisha bluu 7: nikasita, nikasema "sss", kisha "saba". Bluu 3 iliyofuata ikatoka bila shida. Kusita kulikuwa kwenye kadi ya kwanza baada ya Kiingereza, na si kwa sababu sijui saba. Halafu akaketi binti wa dada yangu, ambaye hesabu zote amesomea kwa Kiingereza tangu chekechea. Yeye alikwama upande wa pili: bluu mbili tatu, kisha nyekundu, na hapo ndipo ulimi ukagonga mwamba. Kadi chache kwenye meza ya chakula si utafiti, lakini zilinifunza kusikiliza mahali panapokwama. Yeye kwa Kiswahili hucheka, hugombana na huomba pesa. Kwa tarakimu tu, lugha yake yenye nguvu ni Kiingereza. Nguvu ya lugha haikai kwenye cheti cha kuzaliwa, hukaa kwenye kazi ambayo umeizoeza.

Si kila mtu hukwama hivi. Albert Costa na Mikel Santesteban walipowapima watu wa Barcelona waliomudu Kihispania na Kikatalani kwa kiwango cha juu, mwaka 2004, tofauti ya pande mbili haikuonekana: kwenda na kurudi kulichelewesha sawa. Lakini lugha yenye nguvu, kwa jumla, ilitamkwa polepole kuliko dhaifu muda wote wa kuchanganya, kana kwamba waliiwekea breki tangu mwanzo. Wapo watafiti wanaosema ukandamizaji si maelezo pekee. Nami nakubali kwamba mashine hii ina vyuma vingi.

Sasa, tukikosea, tunakosea wapi? Wengi watakwambia hatari iko kwenye maneno makubwa, majina ya vitu na istilahi. Mwaka 2014 Tamar Gollan na wenzake waliwapa watu 32 wanaojua Kihispania na Kiingereza aya za kusoma kwa sauti. Nyingine zilikuwa za lugha moja, nyingine zimechanganywa ovyo. Kwenye aya za lugha moja, karibu hapakuwa na kosa la kuingiza lugha nyingine. Kwenye zilizochanganywa makosa yalitokea, na mengi yalikuwa kwenye maneno madogo: viwakilishi, viunganishi, yale yanayoshika sentensi bila kuonekana. Na yalitokea zaidi pale msomaji alipotakiwa kutamka neno la lugha yake yenye nguvu.

Hili nalijua mwilini. Katika miaka yangu ya ukalimani sijawahi kumpa msikilizaji nomino ya lugha isiyofaa. Nikichoka, kinachoponyoka ni "kwa hiyo" na "lakini". Ndiyo maana wakalimani tunapokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, na ndiyo maana mwenzangu kibandani hunisikiliza viunganishi. Kikiponyoka kimoja, ananigusa bega, tunabadilishana. Bado nasema sawasawa kwa wakati huo, lakini yule mlinzi wa ndani anayekagua maneno kabla hayajatoka ameanza kusinzia, na viunganishi ndivyo vya kwanza kumpita.

Kuna tukio moja la kitabibu ambalo huwa nalifikiria ninapoambiwa kwamba kuchagua lugha ni sehemu ya kuijua. Mwaka 2000 Franco Fabbro na wenzake waliandika habari za mgonjwa wa Italia aliyekuwa na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, sehemu za mbele. Aliongea Kifriulani na Kiitaliano, zote kwa ufasaha, bila kuvunja sarufi. Ila hakuweza kubaki kwenye moja. Alijua msikilizaji wake haelewi Kifriulani, akaomba radhi, kisha sentensi iliyofuata ikatoka kwa Kifriulani. Lugha zilikuwa salama. Kilichoharibika ni mkono unaozipanga zamu.

Kwa sababu hiyo sikubali mtu akisema kijana wa Eastleigh au Umoja anayesema "amenidisapointi" amechanganyikiwa. Tazama neno hilo kwa karibu. Mtendaji ni a-, wakati ni -me-, mtendwa ni -ni-, na vyote vitatu ni vya Kiswahili, viko kwa mpangilio wake. Kilichokopwa ni mzizi tu. Carol Myers-Scotton aliyakusanya mazungumzo ya namna hii hapa Nairobi, na mwaka 1993 akaeleza kwamba lugha moja hutoa fremu na vipande vya sarufi, nyingine huletwa ndani yake. Kwenye genge la marafiki hakuna haja ya kuikandamiza hata moja, kwa hiyo zote mbili zinaachwa wazi na kila neno lililo karibu linachukuliwa. Kijana huyo huyo akimgeukia shosho wake, hubadilika mara moja. Kuona uso tu kumetosha.

Kosa lililo baya kuliko yote ni lile ambalo mlinzi wa ndani hawezi kulinasa. Mwaka jana nilisoma ratiba iliyoandikwa kwa Kiingereza, saa ya mkutano ikiwa 2:00, nikampigia mama: "Nitapita kwako saa mbili." Nilimaanisha saa nane mchana. Akaamka mapema, akapika chai, akaniwekea mahamri, akaningoja tangu saa mbili asubuhi hadi yakapoa. Kila neno nililosema lilikuwa la Kiswahili, kwa hiyo hakuna kilichonishtua. Tarakimu peke yake ndiyo iliyobaki Kiingereza, imevaa kanzu ya Kiswahili. Tangu siku hiyo sitaji saa bila kutaja sehemu ya siku. "Saa mbili mchana" haiingii sikioni kwa mswahili yeyote. Nikiisema kwa bahati mbaya, mama hunikata kabla sijamaliza na kuniuliza nimesoma saa ya nani.