Kaka, Tuandikie Maneno

Yakhe, kazi hii sikuiomba. Mie nauza vipuri vya pikipiki Darajani, na nikishafunga duka nataka kahawa yangu, baraza yangu, na watu wasinisemeshe mpaka nimalize kikombe cha pili. Lakini ukoo ukishakupa jina la mcheshi, basi umekwisha. Mtu akizaliwa unaambiwa utie maneno, akisafiri utie maneno, gari ikinunuliwa utie maneno. Nauli ya kufikiri hakuna anayekupa.

Safari hii ni nikaha ya mpwa wangu. Kaolewa na kijana wa Wete, mtoto mzuri, mpole, kaja na wazee wake kwa boti. Nikaha imesomwa baada ya alasiri kwenye msikiti wetu wa Ng'ambo, halwa imeliwa, kahawa imenyweka, kila kitu salama. Usiku dada yangu ananitumia picha kwa wasapu, na chini yake sauti: "Kaka, hebu tuandikie maneno tuitume. Maana hivi ilivyo, mtu akiiona atauliza kafa nani."

Nikaifungua. Wallahi hakukosea.

Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, joho jeusi lenye nakshi za dhahabu, kilemba kichwani na upanga ubavuni, kakodoa macho. Mbele yake shemeji yangu, baba wa bibi harusi, kamshika mkono wa kulia, tena kaukaza. Sheikh kati yao kainamia karatasi. Mashahidi wawili wana sura za watu walioitwa mahakamani wakaambiwa wasitoke mpaka jina lao lisomwe. Nyuma yao safu ya wajomba na maami, hakuna hata mmoja aliyeonesha jino.

Sasa watu wanalaumu sura bila kuuliza saa ile kulikuwa na nini. Mie nilikuwapo, nitawaambia. Picha imepigwa pale wali anaposema "nimekuoza" na kijana anatakiwa ajibu palepale, kwa sauti, kwamba amekubali, na mashahidi wasikie. Akibabaika atarudishwa aseme tena mbele ya msikiti mzima, na mpaka mjukuu wake aoe watakuwa wanamsimulia. Huyo unataka acheke nini? Halafu joho lenyewe ni zito, feni ipo mbali, na taa imekaa juu ya vichwa vyao. Taa ikitoka juu moja kwa moja inatia kivuli chini ya nyusi, macho yanakuwa mashimo, na mtu aliyetulia tu anaonekana ana deni. Mpiga picha anajua hayo, ila msikitini hawezi kumwambia mtu asogee dirishani katikati ya akdi.

Wala kukaza uso si jambo la leo. Ukipita pale Capital Art Studio, Mji Mkongwe, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ukatazama picha za zamani, utaona wazee wetu walivyoikabili kamera. Ilikuwa ni heshima. Na bibi harusi ndiyo kabisa, macho chini. Akicheka sana bibi za mtaa watasema huyu alikuwa na haraka. Bahati nzuri picha za wanawake hazikuwa shughuli yangu. Kule kwenye ukumbi wao simu ziliachwa mlangoni, na kilichopigwa kimebaki kwao.

Basi kabla sijajibu kitu, familia nzima imeshaanza kuandika. Na hapa ndipo kichwa kiliponiuma.

Wa kwanza ni kijana wa kaka yangu, anajifanya mjuzi wa mitandao. Kaweka: "Penzi limetia nanga, furaha isiyo kifani!" na vikatuni vinne vya kucheka kwa machozi. Nikamwambia, baba, soma huku unatazama. Maneno yanacheka, sura hazicheki. Mtu akisoma "furaha isiyo kifani" halafu akamwona shemeji yangu vile, ataanza kutafuta kuna nini. Maneno matamu juu ya uso mkavu hayaufanyi uso ulainike, yanaufanya uonekane unaficha jambo. Na vile vikatuni viondoe. Ukishamchekea msomaji mwenyewe, yeye atacheka kitu gani?

Wa pili ni wifi wa dada yangu: "Tabasamu bwana harusi, hujafungwa jela." Hiyo watu wataicheka, sikatai. Lakini jela hiyo ni nani? Ni mpwa wangu! Tumemlea, tumempamba, tumemsinga, halafu usiku uleule tumwite kifungo. Mzaha wa ndoa kuwa mateso unampiga mtu ambaye kwenye picha hayupo na hawezi kujibu.

Wa tatu ni shemeji mwenyewe, baba wa bibi harusi, ati naye kachangamka: "Namshika mpaka mahari yatimie." Nikampigia simu. Nikamwambia, bwana mkubwa, mahari yametimia tangu asubuhi, sisi tunajua, lakini watu wa Wete wakisoma wataelewa kuwa kijana wao ana bakaa. Kesho wanakuja na shahidi wao. Kwenye maneno ya picha usiguse pesa, hata kama wote mnajua ni utani, kwa sababu picha inafika kwa wasiojua.

Maana sisi hapa tuna maradhi yetu. Mtu wa kwingine akisoma maneno anauliza yamesema nini. Sisi tunauliza kaambiwa nani. Tumelelewa na kanga, na kanga inanunuliwa kwa jina lake kabla ya rangi. Mwanamke akipita uani kajifunga "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," nyumba tatu zitafunga madirisha, kila moja inaamini imeambiwa yenyewe. Sasa watu hao ndio unawaandikia kichekesho chini ya picha yenye wanaume kumi na moja! Kila mmoja atajitafuta humo.

Kwa hiyo nikasema niifanye kazi kwa utaratibu wangu. Kwanza sheikh na khutba havimo katika mzaha, hapo hata sijadili. Sura ya bwana harusi pia naiacha, amepata tabu ya kutosha. Nikaikuza picha kwa vidole, nikawa natafuta pembezoni, kwa sababu katikati ya picha ya nikaha kuna kazi rasmi, na kichekesho mara nyingi kimekaa kwa asiyekuwa na kazi.

Nikampata. Kona ya kushoto, chini kabisa, mtoto wa miaka mitano hivi, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Watu wote wanatazama ile mikono miwili. Yeye kageuza shingo nzima, macho yamekwama kwenye sinia la halwa lililowekwa ukutani kando ya dele la kahawa, likisubiri akdi iishe. Na uso wake ni mkavu kuliko wa wote! Ana uzito wa mtu anayesimamia mirathi.

Hapo nikajua nimepata, kwa sababu maneno hayana haja tena ya kubishana na picha. Ule uso mkavu unabaki vilevile, ila sasa kuna mwenziwe ambaye ukavu wake una sababu ndogo. Msomaji akishamwona mtoto anarudi kuwatazama wakubwa, na wakubwa nao wanaanza kumchekesha, bila ya mtu kuwagusa.

Nikaandika: "Wote wanamsikiliza sheikh. Mmoja tu anaisikiliza halwa."

Nikatuma kwa familia, nikawasha redio. Sikumaliza habari. Ami yetu mmoja, yule mnene aliyekaa karibu na mtoto, kapiga simu sauti inatetemeka. "Mie najua nilitazama sinia, lakini nilitazama mara moja tu. Na wewe umeamua kunianika?" Khaa! Mtoto hakumwona kabisa. Kasoma "mmoja tu," kajitafuta, kajipata. Si nilikwambieni?

Wakati namtuliza huyo, yule kijana mjuzi wa mitandao keshaichukua picha, kaikata iwe mraba ili ikae vizuri kwenye simu, na kona ya kushoto imekwenda na mtoto wake. Sasa maneno yangu yapo, halwa haipo, mtoto hayupo, na aliye ukingoni kabisa mwa picha ni nani? Ami! Peke yake, shavu limevimba, juu ya "mmoja tu anaisikiliza halwa." Simu ikalia tena.

Basi nikaamrisha, kwa sauti ambayo dukani naiweka kwa wanaorudisha plagi walizokwishazitumia: picha irudishwe nzima, isikatwe hata ukucha. Nami nikarekebisha maneno, kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye "mmoja." Lazima ijulikane ni nani bila ya kumtaja, na ami lazima awe upande wa watu wema. Ikawa hivi:

"Wakubwa masikio kwa sheikh, mdogo macho kwa halwa."

Ami katika wakubwa, heshima yake imerudi. Sheikh anasikilizwa. Bwana harusi hajaguswa, bibi harusi hajaguswa, mahari hayajatajwa, Pemba haijatajwa. Neno "mdogo" linamlazimisha mtu aanze kumtafuta huyo mdogo yuko wapi, na akimpata anajiona kagundua mwenyewe. Tena ni fupi, inasomeka yote kabla simu haijaficha maneno na kukutaka ubonyeze.

Kabla ya kuruhusu nikafanya majaribio yangu mawili. Nikaifunika picha kwa kiganja nikayasoma maneno: je, yangefaa harusi yoyote ile? Hayafai, yanamhitaji mtoto yule na sinia lile. Vizuri. Halafu nikayasoma kwa sauti ya mama mkwe wa upande wa pili, polepole, midomo nimeibana, kama anatafuta kijembe. Mke wangu akatoka chumbani kuuliza kama niko mzima. Lakini kijembe hakikupatikana.

Picha ikaenda. Wete wamecheka mpaka baba wa bwana harusi, mzee ambaye tangu ashuke botini sikuliona jino lake, katuma sauti ya kikohozi na kicheko ndani yake. Malalamiko yamekuja mamoja tu, kutoka kwa mama wa yule mtoto. Anataka kujua kama mwanawe hatimaye alipewa halwa au hakupewa, na kama hakupewa ni nani aliyekuwa anagawa. Nimemwelekeza kwa ami.

Sasa mke wangu keshapata wazo. Kaitoa kabatini picha ya nikaha yetu, ile ya karatasi, kaipiga kwa simu, anataka nayo iwekewe maneno. Nimeikuza pembe zote nne. Hakuna mtoto, hakuna sinia. Kuna mie, kuna marehemu baba yake kanishika mkono, na yeye mke wangu kasimama hapa nyuma yangu anasubiri nitaandika nini.