Bayo ya "ni-" na bayo ya "a-"

"Jamani bayo ya kazini, yale maelezo mafupi ya kujitambulisha, niandike 'nimefanya' au 'amefanya'? Hiyo ya pili naona kama kujikweza."

Mi naona hiyo "amefanya" watu wanaionea tu. Kabla hujachagua jiulize hayo maneno yatatoka mdomoni mwa nani. Ukiitwa kuongea kwenye warsha, bayo anapewa mshereheshaji na anaisoma kama ilivyo, mara nyingi ndo kaiona dakika hiyohiyo. Nishawahi kukaa ukumbini mshereheshaji akasoma "nimezaliwa Tanga, nimesimamia uchimbaji wa visima 40", watu wakacheka, akaanza kugeuza ni- kuwa a- hapohapo, kufika "timu yangu" akakwama, na mgeni mwenyewe kakaa pale mbele kainamisha kichwa. Visima 40 si kazi ndogo, lakini hakuna aliyevisikia. Iliniuma kwa kweli. Kwa hiyo warsha, kipeperushi cha mkutano, tovuti ya ofisi ambako ofisi ndo inawatambulisha watu wake, weka a-, maneno 80 hivi, yanasomeka chini ya dakika moja.

LinkedIn hapana. Pale picha na jina vyako viko juu, kila mtu anajua umeandika mwenyewe, na akikutumia meseji anategemea ujibu wewe, sasa ukijiita "yeye" unamweka mbali bure. "Nachimba visima, huu mwaka wa 12" inatosha. Barua ya kuomba kazi hivyohivyo.

Ila wanaoilalamikia a- wana hoja moja nzito: sifa zinapenya humo kirahisi. "Ni mtaalamu mahiri aliyebobea", kasema nani? Hebu jaribu kutamka "mimi ni mtaalamu mahiri niliyebobea" mbele ya wenzako wa ofisini, ulimi unagoma. Ndo maana mi rasimu naandika kwa ni- hata kama inaenda kwa mshereheshaji, nasoma kwa sauti, kinachonitia aibu nafuta, halafu ndo nageuza.

Kwenye kugeuza, mwanzo wa kitenzi kila mtu anaukumbuka, kinachosahaulika ni vya katikati na mwishoni: "walinituma Dodoma" iwe "walimtuma", "timu yangu" iwe "timu yake". Halafu a- ina utata ambao ni- haina. "Nilifanya kazi na profesa wangu, nikaandika mwongozo wa pampu" iko wazi, ila ukigeuza ikawa "alifanya kazi na profesa wake, akaandika mwongozo wa pampu", mwongozo kaandika nani? Hapo rudisha jina la mwenye bayo, tuseme ni Imani: "Imani akaandika mwongozo". Na kwa kuwa a- yetu haisemi mke wala mume, na Imani anaweza kuwa yeyote, tanguliza Bi. au Bw. kwenye mstari wa kwanza, la sivyo mshereheshaji atabahatisha.