Mbona Mapema?

Jamani, ulimi wangu utaniua.

Jumamosi tulimwalika mwenzangu wa kazini na mkewe chakula cha usiku. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu, watu wakala wakacheua. Saa tatu na nusu bwana akajipiga mapaja, pa! "Basi, sisi tuage." Mke wangu keshaanza kutafuta kandambili za kuwasindikizia. Mimi nikaropoka: "Aa, mbona mapema?"

Sasa hilo si swali. Ni adabu tu ya mwenye nyumba, usije ukaonekana umemfungulia mtu mlango kwa furaha. Mgeni anayejua hulijibu huku anainuka: "Watoto wako peke yao, kaka, siku nyingine." Mnaulizana mara moja, mnakataliana mara moja, kwisha. Bwana yule akatazama saa yake. "Kweli eti," akakaa, akarudi kwenye hadithi ya kiwanja chake cha Chanika.

Saa nne na nusu vyombo vimeondolewa, soda haijaongezwa, watoto wametolewa mmoja mmoja waseme "usiku mwema" kwa sauti. Wapi! Ndipo mke wangu akamkumbuka shangazi yake wa Maskati. Kule mgeni akishakula na kunywa kahawa huletewa chetezo ajifukize nguo, na Waarabu wana msemo wao kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Hakuna aliyefukuzwa, mgeni anatoka ananukia.

Mkaa ukawashwa, tukangoja ushike majivu kwa juu, maana ukiwahi udi unaungua tu na nyumba inanuka moshi. Chetezo kikapitishwa. Mwenzangu akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Shemeji, kumbe nyie mna mambo hivi!" Akavua koti. "Hapa sasa ingekuja kahawa."

Nilitazama dari. Kosa si lake. Kwao bara udi haujamwambia mtu aende nyumbani.

Aliyetuokoa ni mkewe. Hakuaga amekaa. Alisimama, mkoba begani, akaenda mpaka jikoni: "Dada, tumekula tumeshiba, pilau lile lilikuwa na mkono wa mtu. Mungu awazidishie mlipopunguza." Akatoka moja kwa moja mpaka mlangoni, viatu akavaa. Mume afanyeje?

Afanye nini! Mlangoni dakika kumi. Getini kiwanja kikaanza upya, safari hii na mjumbe wa mtaa ndani yake, mimi nimesimama na kaptula, mbu wananila kwa zamu. Mkewe akapiga honi. Bwana akaingia, akafunga mlango, akashusha kioo.

"Kaka, tumefurahi mno. Jumamosi ijayo tunarudi."

Mke wangu akanifinya ubavuni. Nilimsikia kabisa. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia:

"Karibuni sana! Ila safari hii mje mapema."