Kazi ya malipo ikifa usiku, mwongozo wa zamu useme nini?

*"Mwongozo wetu wa zamu unasema tahadhari nyekundu ya malipo ikija, washa kazi upya. Mhasibu anataka mstari huo ufutwe, aliye zamu asubiri asubuhi. Msimamizi wa magari anasema tukisubiri, trela hazitoki. Tumfuate nani?"*

Nianze na msimamizi wa magari, kwa sababu hoja yake hupuuzwa na watu wa kompyuta. Dereva anayetoka yadi ya Changamwe au Miritini alfajiri anataka pesa za njia ziwe kwenye simu kabla hajawasha injini. Bila hizo hana chakula cha njiani, hana cha kulipia maegesho, na pancha ikimkuta hana la kufanya. Trela ikichelewa kutoka, inafika mizani ya Mariakani foleni imeshakuwa ndefu, na siku nzima inaharibika. Upande wa pili yupo aliye zamu, ameamshwa usingizini Likoni, ofisi iko ng'ambo ya feri, na anachohitaji ni agizo fupi asilokosea. Tena kazi nyingi za usiku hufa kwa sababu ndogo za kupita, kama mtandao kukatika dakika mbili. Ukiziwasha tena zinapita. Kazi inayotengeneza ripoti au kunakili mafaili, mimi mwenyewe ningeandika "washa upya" bila sharti lolote, maana hata ikipita mara mbili matokeo ni yale yale.

Malipo hayako hivyo, na hapa ndipo hofu ya mhasibu ina mizizi. Kampuni ikituma pesa kwa dereva kupitia mfumo wa M-Pesa wa kampuni kwenda kwa mteja, programu haipati jibu la mwisho papo hapo. Kwanza inajibiwa kwamba ombi limepokelewa, `ResponseCode` ikiwa `0`. Hiyo haimaanishi kwamba pesa imeingia kwa dereva. Jibu la kweli huja baadaye, likiletwa kwenye anwani ambayo kampuni yenyewe imeiandikisha, yaani `ResultURL`. Kati ya majibu hayo mawili kuna pengo, na kazi ikifia ndani ya pengo hilo, kuna madereva ambao hujui kama wamelipwa. Ukiwasha upya kazi inayochagua kila ambaye hajaandikwa kuwa amelipwa, hao nao wanatumiwa tena.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kazi inaitwa `malipo-usiku`, inaanza saa saba na nusu usiku, na orodha ina madereva 184, kila mmoja shilingi 3,500. Saa nane kasorobo tahadhari inaingia. Swali la kwanza ambalo mwongozo unapaswa kuuliza ni kama kazi imekufa kweli. Tahadhari nyingine hutumwa kwa sababu kazi haijaripoti kwa muda uliopangwa, na inawezekana bado inakwenda, ila polepole. Ukianzisha nakala ya pili kwa mkono wakati ya kwanza inaendelea, umejitengenezea malipo mawili mwenyewe.

```
systemctl show malipo-usiku -p ActiveState -p Result
ActiveState=failed
Result=oom-kill
```

Ingeandikwa `activating` au `active`, maana yake ingekuwa bado iko kazini, na aliye zamu angeiacha. Hapa imekufa, na sababu imetajwa: kumbukumbu ya seva ilijaa, mfumo ukaiua. Hii peke yake inapunguza nguvu ya agizo la "washa upya". Kazi iliyouawa kwa kukosa kumbukumbu, ukiipa mzigo ule ule kwenye seva ile ile, ina kila sababu ya kufa tena.

Sasa kuhesabu. Kila malipo yana hali yake kwenye hifadhidata, na swali moja linatosha:

```sql
SELECT hali, count(*) FROM malipo
WHERE tarehe = CURRENT_DATE
GROUP BY hali;
```

Tuseme jibu ni `IMELIPWA` 117, `IMETUMWA` 6 na `MPYA` 61. Jumla ni 184, kwa hiyo hakuna aliyepotea. Wale 117 wamekwisha. Wale 61 ombi lao halijatoka kamwe, na hawana hatari yoyote. Ugomvi wote wa mhasibu na msimamizi umebaki kwa watu 6 ambao ombi lao limetoka ila jibu la mwisho halijarudi, shilingi 21,000.

Kwa maoni yangu, mwongozo unaomwamuru mtu awashe upya na mwongozo unaomwamuru asubiri asubuhi ina kosa moja: yote miwili inawatendea madereva 67 kama kundi moja. Agizo la kwanza linawahatarisha sita. Agizo la pili linawanyima pesa 61 ambao hakuna shaka yoyote juu yao.

Kwa hiyo hatua ya tatu ni kuwalipa wale `MPYA` peke yao, mara moja. Programu iwe na njia ya kuambiwa hivyo, na amri yake iandikwe kwenye mwongozo nzima, tayari kunakiliwa, pamoja na jina la seva inapoendeshwa. Kama programu haina njia hiyo, itengenezwe mchana. Usiku si wakati wa kubadilisha msimbo unaogusa pesa. Mzigo wa watu 61 ni mdogo kuliko wa 184, kwa hiyo kumbukumbu inaweza kutosha. Ikifa tena, aliye zamu asijaribu mara ya tatu, ampigie mwandishi wa programu.

Wakati hao wanalipwa, wale sita wanaachwa dakika kumi. Kusubiri huku kuna sababu: programu inayopokea majibu ya `ResultURL` ni nyingine, na haikufa. Majibu yanaendelea kuingia hata kama kazi iliyotuma maombi imeshazikwa. Ukihesabu tena baada ya dakika kumi, huenda ukakuta `IMETUMWA` wamebaki wawili, na wanne wamehamia `IMELIPWA`. Hao wanne ndio ambao agizo la zamani lingewalipa mara mbili.

Wawili waliobaki wanaulizwa mmoja mmoja kwa huduma ya kuulizia hali ya muamala, kwa namba ya ombi iliyohifadhiwa wakati wa kutuma, yaani `OriginatorConversationID`. Jibu likisema pesa imefika, hali inasahihishwa. Likisema ombi lilikataliwa, wanarudishwa kuwa `MPYA`. Lakini jibu linaweza lisipatikane kabla ya saa kumi na nusu alfajiri, na hapo hakuna amri ya kompyuta inayosaidia. Mtu lazima aamue.

Mhasibu husema asiamue aliye zamu. Ninaelewa, lakini sikubaliani naye. Dereva wa kudumu akilipwa mara mbili anajulikana aliko, na pesa zikizidi, hesabu ya safari ijayo inarekebishwa. Shilingi 3,500 zikikaa nje kwa wiki moja zina hasara ndogo kuliko trela iliyolala yadi na kontena mgongoni. Dereva aliyekodiwa kwa safari moja ni jambo tofauti. Akishatoa pesa kwa wakala na kumaliza safari, huenda asionekane tena. Basi mwongozo useme wazi, kwa tarakimu, kiasi ambacho aliye zamu anaruhusiwa kukihatarisha bila kumwamsha mtu, na kwa madereva wa aina gani. Kampuni moja inaweza kusema 10,000 kwa wa kudumu na sifuri kwa wa kukodi. Nyingine itasema vingine. Kinachoniudhi ni kampuni inayoacha uamuzi huo kwa kijana aliyeamshwa usingizini, halafu asubuhi inamuuliza kwa nini aliamua hivyo.

Kuna wanaosema mwongozo wa aina hii ni mrefu mno kwa mtu mwenye usingizi. Hoja hii ni nzito. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa akihangaika usiku na hifadhidata iliyoacha kunakiliwa alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Alisimamisha amri haraka, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5 tu, na data ya takriban saa sita haikurudi. Hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka, na njia aliyokuwa akiipita haikuandikwa vizuri. Kwangu funzo la tukio hilo ni kwamba urefu wa maelezo si tatizo kubwa kama kumwachia mtu atunge amri mwenyewe usiku. Zile hatua mbili za kuangalia na kuhesabu zinaweza kuwekwa kwenye amri moja inayosoma tu, isiyobadilisha chochote, na mtu akaiendesha hata macho yakiwa nusu wazi.

Jambo moja likaguliwe mchana kabla ya kuamini hesabu hizi. Programu lazima iandike `IMETUMWA` kwanza, ndipo ipeleke ombi. Ikipeleka kwanza na kuandika baadaye, kisha ikauawa katikati, dereva atasomeka `MPYA` huku pesa imeshaondoka, na kundi tuliloliita salama halitakuwa salama. Vilevile tazama faili la huduma: kama lina `Restart=on-failure`, mashine inawasha kazi upya yenyewe kabla simu ya mtu haijalia, na mwongozo wote huu hauna maana. Kwa kazi ya malipo iwe `Restart=no`.

Ipo hali moja ambayo mhasibu ndiye wa kufuatwa bila mjadala, nayo ni pale hifadhidata yenyewe imeugua, kwa mfano diski imejaa. Hapo hali zinaweza kuwa hazikuandikwa, na hesabu ya makundi matatu haiaminiki. Asilipwe mtu yeyote kwa kompyuta hadi taarifa ya M-Pesa ya kampuni ipakuliwe na kulinganishwa na orodha, jina kwa jina. Lakini msimamizi wa magari apigiwe simu saa ile ile, si asubuhi, ili awape taslimu madereva wa safari za kwanza. Majina yao ayatume kwa aliye zamu, na hali zao zibadilishwe kabla kazi haijawashwa tena, la sivyo watapokea pesa za njia mara ya pili wakiwa wameshafika Voi.