Dhahabu iliyoyeyushwa upya na mchimbaji aliyesahauliwa

"Dhahabu yangu imeyeyushwa upya, haina zebaki wala damu." Hivyo ndivyo masonara wengi wanavyowaambia maharusi wanaotafuta pete siku hizi.

Hoja hiyo ina uzito wake. Bangili ya zamani ikiyeyushwa, hakuna mlima unaopasuliwa wala mto unaochafuliwa kwa ajili ya pete hiyo. Lakini dhahabu haitupwi jalalani. Tangu enzi na enzi watu wameiuza na kuiyeyusha, kwa hiyo kununua ya zamani si jambo jipya linalopunguza uchimbaji. Tena tanuru hufuta asili. Dhahabu ya magendo inaweza kufinyangwa haraka kuwa mkufu, ikauzwa kama chakavu, na ikatoka kiwandani na jina safi.

Anayesahaulika ni mchimbaji mdogo. Pale Geita, mawe husagwa kwenye karasha, yakaoshwa mwaloni, yaani kwenye mfereji wa kuoshea mchanga, kisha mchanga mzito ukachanganywa na zebaki. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Mvuke wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni yule aliyeinamia moto, mara nyingi uani kwake, watoto wakiwa karibu. Chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke huo kipo, na meza za kutikisa zinazotenga dhahabu kwa uzito wake zipo pia. Vyote vinahitaji mtaji, na mnunuzi anayemkimbia mchimbaji huyu hamsaidii kuupata.

Gharama ya kumsaidia, kwa mnunuzi, ni ndogo mno. Chini ya utaratibu wa Fairtrade, yaani cheti cha biashara ya haki, kikundi cha wachimbaji hulipwa nyongeza ya dola 2,000 kwa kila kilo ya dhahabu. Pete ya gramu 5 ya karati 18 ina gramu 3.75 za dhahabu halisi, kwa hiyo nyongeza yake ni dola 7.50. Kwa pete ya ndoa, hiyo ni pesa ya chakula cha mchana; kwa kikundi kinachouza kilo nzima, ni mtaji wa vifaa. Ni kweli kwamba vikundi vyenye cheti ni vichache, kwani ukaguzi ni ghali na leseni hazipatikani kirahisi. Hata hivyo, kikundi cha Syanyonga huko Busia, Uganda, kilikipata.

Basi ukienda kwa sonara, muulize: kabla ya kuyeyushwa, dhahabu hii ilikuwa nini, vito vilivyovaliwa, mabaki ya karakana au mche wa dhahabu? Nani aliisafisha, na risiti iko wapi? Kama imechimbwa, ni mgodi gani, na iliuzwa soko gani la madini? Kwa jiwe la pete, muulize lilichimbwa wapi na lilikatwa wapi, maana mara nyingi ni nchi mbili tofauti. Mwenye ushahidi atakuonyesha karatasi au atamtaja msambazaji wake. Akikujibu "Dubai" tu, amekutajia soko, hajakutajia asili.